Klachi haikamati au haiachii? Pima plei kabla hujagusa spana

Kijana mmoja wa bodaboda anayepandisha abiria na saruji Kibosho alinifuata asubuhi pale Mbuyuni, Moshi. "Shikamoo fundi. Injini imekwisha nguvu. Jana nimebeba mifuko miwili, nikifika mlimani pikipiki inalia tu, haiendi. Nimeambiwa ni ringi."

Sikufungua injini. Niliuvuta mkono wa klachi kwa kidole kimoja, na hapo hapo nikakutana na ugumu. Haukuwa na ulegevu hata kidogo. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyegusa waya wa klachi karibuni, akasema alikaza mwenyewe wiki iliyopita, maana gia zilikuwa ngumu kuingia na kwenye foleni ya Mnara wa Saa alikuwa haipati nyutro.

Maneno hayo mawili yalikuwa yamebeba ugonjwa wote. Alikuwa na klachi isiyoachia, akaitibu kwa kukaza waya, akajitengenezea klachi isiyokamata. Ni magonjwa mawili yanayokwenda pande tofauti, lakini ajasta inayoyagusa, ile skrubu ya kukaza na kulegeza waya, ni ile ile moja. Ukikosea kutambua lipi ni lipi, kila unapozungusha unaongeza tatizo.

Kinachotokea ndani

Klachi ya pikipiki nyingi za gia tunazotumia huku, Boksa, TVS na nyinginezo, ni rundo la pleti zilizolowa oili ya injini. Pleti zenye utando wa msuguano zimepangwa kwa kupishana na bati za chuma tupu, na springi zinalibana rundo lote pamoja. Zikibanwa sawasawa, nguvu ya injini inapita kwenda kwenye giaboksi. Ukivuta mkono wa klachi, waya unavuta kikono kilichoko kwenye injini, kikono kinasukuma dhidi ya springi, na pleti zinaachana.

Mkono usipoguswa, springi zinatakiwa zibane kwa nguvu zake zote. Ndiyo kazi ya plei, ule ulegevu mdogo wa mwanzo ambao mkono unasogea bila kuvuta chochote. Plei ni uthibitisho kwamba waya hausukumi springi wakati hujashika kitu. Ikiisha kabisa, waya unakuwa umeshaanza kuivuta klachi hata ukiwa umeachia mkono. Ikizidi, mkono unafika kwenye mpira wa usukani kabla pleti hazijaachana vizuri.

Kwa pikipiki nyingi za waya, plei inayotakiwa ni milimita 10 hadi 20 ukipima kwenye ncha ya mkono, pale penye kitufe cha mviringo. Ukipima kwenye shina la mkono, karibu na boliti unapozungukia, ni kama milimita 2 hadi 3. Ni ulegevu ule ule, umepimwa sehemu mbili. Kama kitabu cha pikipiki yako kinataja kipimo kingine, fuata hicho.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi vijana hawajaambiwa, nami nalisema kila mara. Waya ukirefuka kwa matumizi, plei inaongezeka. Lakini pleti zikilika, plei inapungua, kwa sababu rundo linazidi kuwa jembamba na springi zinasogeza kile kipande kinachobana kuelekea kwenye kikono. Kwa hiyo pikipiki ambayo plei inapotea yenyewe, bila mtu kugusa ajasta, inakuambia kitu kuhusu pleti. Ukijikuta unailegeza kila baada ya wiki chache, jiandae kufungua kava la klachi.

Kutofautisha

Klachi isiyokamata, wengine husema inateleza, hujionyesha penye mzigo: mlimani, gia za juu, abiria wawili nyuma. Unavuta moto, mlio wa injini unapanda, mwendo haupandi. Baadaye unasikia harufu ya kuungua. Hapa ndipo watu wanapochanganya na injini iliyochoka, na ndipo kijana wa Kibosho alipokaribia kuagiza ringi na pistoni. Sikiliza mlio. Injini iliyochoka ikikutana na mlima inazama: mlio na mwendo vinashuka pamoja. Klachi inayoteleza inafanya kinyume chake. Mwendo unashuka huku injini ikipiga kelele juu, kana kwamba umeweka nyutro nusu.

Klachi isiyoachia hujionyesha ukiwa umesimama. Umevuta mkono hadi mwisho, lakini gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, pikipiki inataka kutambaa, na nyutro haipatikani mpaka uzime injini. Ukizima, nyutro inaingia kwa urahisi. Ishara hiyo ya mwisho naiamini sana, kwa sababu inaonyesha kwamba giaboksi yenyewe ni nzima, ila kuna nguvu ya injini inayoendelea kuingia humo wakati haitakiwi.

Kabla ya kurekebisha, fanya majaribio mawili ili usitegemee kumbukumbu ya dereva peke yake.

La kwanza ni la kukamata. Washa injini ipate moto, simama mahali tambarare pasipo na mtu wala ukuta mbele. Bana breki zote mbili kwa nguvu. Weka gia ya juu kabisa, siyo ya kwanza, maana ya kwanza inaweza kukurusha. Vuta moto kidogo, kisha achia mkono wa klachi taratibu. Klachi nzima itaizima injini mara moja. Injini ikiendelea kunguruma wakati umeshaachia mkono wote na pikipiki imesimama, pleti zinateleza. Rudisha mkono haraka, na usirudie jaribio hili mara nyingi, kwa sababu kila sekunde inayoteleza inazichoma.

La pili ni la kuachia. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, tairi la nyuma likiwa hewani. Injini ikiwa imepata moto na inanguruma taratibu, vuta mkono hadi mwisho na uingize gia ya kwanza. Tairi likizunguka, usikimbilie kusema klachi mbovu. Oili iliyoko kati ya pleti inaburuta kidogo siku zote, na kwenye baridi ya Julai asubuhi, hasa Arusha, inaburuta zaidi kwa kuwa nzito. Kanyaga breki ya nyuma polepole. Tairi likisimama kirahisi na injini ikaendelea vile vile, ni oili tu. Injini ikishuka mlio au ikataka kuzima, klachi haiachii. Tumia pedeli ya breki. Usiweke mguu wala mkono karibu na spoki.

Kurekebisha plei

Fanya kazi hii injini ikiwa imezimwa na imepoa, gia ikiwa nyutro, usukani ukiwa umenyooka. Vifaa ni spana mbili zinazoingia kwenye nati za waya chini, nyingi huwa namba 10 au 12, na rula ya mwanafunzi.

Anza kwa kuangalia, usianze kwa kuzungusha. Vuta kifuniko cha mpira pale juu kwenye mkono. Angalia waya unapoingia kwenye mkono, kwenye kile kichwa chake kidogo cha risasi. Nyuzi zikiwa zimeanza kukatika na kusimama kama bua la mahindi lililochanika, acha marekebisho, nunua waya. Fuata ganda la nje mpaka kwenye injini: limebanwa na tangi, limekunjwa na kapu la mbele, limeyeyushwa na bomba la moshi? Ganda lililokunjwa linakupa klachi ngumu isiyoachia, na hakuna ajasta itakayoliponya.

Kisha pima. Weka rula kwenye ncha ya mkono, uvute kwa kidole kimoja mpaka uhisi ugumu wa kweli unaanza, na usome ncha imesogea kiasi gani. Kuna ugumu wa springi ndogo ya kurudishia kikono. Huo ni mwepesi, usiuhesabu. Ugumu unaoutafuta ni ule unapokutana na springi za klachi. Ukiwa na mashaka, muombe mwenzako aangalie kikono cha kwenye injini: pale kinapoanza kusukuma kwa uzito, ndipo plei imeishia.

Sasa ajasta. Ziko mbili. Ya juu iko kwenye mkono, inazungushwa kwa vidole na ina ringi ya kuifunga. Ya chini iko karibu na injini, ina loknati, yaani nati ya kuifunga isizunguke. Watu wengi wanaishi na ya juu tu, wanaitoa nje mpaka inabaki imeshikwa na nyuzi mbili tatu. Hapo inayumba, siku moja inapinda au inavunjika barabarani. Mimi naanza kwa kuirudisha ya juu ndani karibu yote, nabakiza kama mzunguko mmoja nje. Kazi kubwa naifanyia chini, na ya juu nabaki nayo kwa marekebisho madogo ya kila siku.

Chini, legeza loknati kwa spana moja huku ukishika ajasta kwa nyingine. Kanuni ya mwelekeo ni rahisi ukielewa kinachotendeka. Ajasta ikitoka nje, ganda la nje la waya linasukumwa mbali, waya wa ndani unakaza, na plei inapungua. Ajasta ikiingia ndani, waya unalegea na plei inaongezeka. Zungusha nusu mzunguko, pima, zungusha tena. Lenga milimita 15 au karibu na hapo, katikati ya kipimo. Ukifika, shika ajasta isizunguke na ukaze loknati, halafu pima upya, kwa sababu mara nyingi kukaza loknati kunakula milimita moja au mbili.

Juu, funga ile ringi. Ajasta nyingi za juu zina ufa wa kupitishia waya. Usiuache ukitazama juu au ukiwa umelingana na ufa wa ringi, mvua ya masika itaingia hapo moja kwa moja hadi ndani ya ganda.

Sasa geuza usukani kushoto hadi mwisho, pima. Geuza kulia hadi mwisho, pima. Plei isibadilike sana. Ikipotea upande mmoja, waya umepitishwa vibaya au umebanwa, na dereva atakuwa na klachi inayoteleza kila anapokata kona kali ya kupanda. Nimekuta hilo mara nyingi kwa pikipiki zilizobadilishwa waya haraka haraka kijiweni. Dawa yake ni kupitisha waya upya kwenye njia yake ya kiwandani, siyo kulegeza zaidi.

Mwisho washa injini, iache ipate moto, urudie majaribio yote mawili. Pima plei pia injini ikiwa ya moto. Pakibaki ulegevu wa wazi, umemaliza.

Ukiwa na mashaka kati ya kulegeza kidogo na kukaza kidogo, legeza. Plei iliyozidi inakupa gia ngumu na kishindo, unaisikia na unairekebisha. Plei iliyokwisha inachoma pleti kimya kimya siku nzima, na wewe unadhani ni mlima.

Turudi kwa yule kijana

Ajasta yake ya juu ilikuwa imetolewa nje karibu yote. Nilibana breki, nikaweka gia ya juu, nikaachia mkono: injini ikaendelea kunguruma. Inateleza, hapana ubishi. Nikarudisha ya juu ndani, nikalegeza ya chini mpaka plei ikafika milimita 15. Jaribio lile lile tena: injini ikazima papo hapo. Kwa hiyo pleti zilikuwa bado zinaweza kubana, zilinyimwa nafasi tu.

Lakini ugonjwa wake wa kwanza ulirudi, kama nilivyotarajia. Kwenye stendi, gia ya kwanza, mkono umevutwa wote, breki ya nyuma ikaivuta injini chini mpaka ikataka kuzima. Plei ilikuwa sahihi na klachi haiachii. Hapo ndipo swali linabadilika: mkono unasogea vya kutosha, je, kikono cha kwenye injini nacho kinasogea? Nikamwambia avute mkono mimi nikitazama chini. Alivuta hadi mwisho. Kikono kikasogea kidogo mno, tena kwa kuchelewa, na alipoachia kikarudi kwa kusitasita.

Nikafuata waya. Chini ya tangi ganda lilikuwa limebanwa na kamba ya plastiki mpaka likabonyea, na kule juu nyuzi kadhaa zilikuwa zimekatika. Sehemu ya safari ya mkono ilikuwa inaishia kwenye kunyoosha ganda badala ya kuvuta klachi. Kukaza ajasta kulificha hilo kwa kumpa mvuto zaidi mwisho wa safari, na gharama yake ikawa kula plei yote mwanzoni.

Tukaweka waya mpya, nikaupitisha bila kona kali, nikatia matone ya oili juu mpaka yakachuruzika chini, nikapaka grisi kidogo boliti ya mkono. Plei milimita 15 tena. Breki ya nyuma sasa ilisimamisha tairi na injini haikushtuka. Oili niliimwaga kwa sababu ilikuwa inanuka kuungua. Mchana alipanda Kibosho na mifuko yake miwili ya saruji, akanipigia simu kutoka juu: mlio na mwendo vinakwenda pamoja.

Kava la klachi sikulifungua. Kama ingeteleza wakati plei iko sawa, ningelifungua bila kusita.

Pale ajasta inapofika mwisho wake

Ikiteleza na plei ikiwa sahihi, kuna mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni oili, kwa sababu ndilo rahisi. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na pleti za pikipiki zinaishi kwa msuguano. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, alama ya kiwango cha oili za pikipiki zenye klachi ya aina hii. JASO MB siyo ya klachi hii. Kama tatizo lilianza muda mfupi baada ya kubadilisha oili, badilisha tena kabla hujanunua pleti. La pili ni pleti zenyewe: chukua moja iliyotoka ndani, iweke pembeni ya mpya na upime zote mbili kwa venia, kikomo cha unene kiko kwenye kitabu cha pikipiki yako. Bati za chuma zilizogeuka rangi ya bluu zimeungua. La tatu ni springi. Zilizofupika kuliko mpya hazibani tena, na zinabadilishwa zote kwa pamoja.

Isipoachia na plei ikiwa sahihi na waya ni mzima, tafuta bati zilizopinda: lilaze bati juu ya kioo uone kama linacheza. Tazama pia zile nafasi za kopo la klachi ambamo masikio ya pleti huteleza. Pleti zikizigonga kwa miaka, zinachimba vijishimo, nazo pleti zinakwama humo badala ya kuachana. Vijishimo vidogo fundi anaweza kuvisawazisha kwa tupa. Vikiwa virefu, kopo linabadilishwa. Pikipiki iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa inaweza pia kugandisha pleti, na hiyo mara nyingi huachia yenyewe injini ikishapata moto.

Kuna pikipiki chache zenye skrubu ya pili kwenye injini yenyewe, chini ya kifuniko kidogo. Kama yako inayo, hiyo ndiyo inayorekebishwa kwanza, waya unafuata.

Na dereva anayeishikilia pikipiki mlimani kwa klachi badala ya breki, akisubiri abiria apande, atazichoma pleti hata plei ikiwa milimita 15 kamili. Yule kijana nilimwonyesha hilo pia, kisha nikamwambia arudi baada ya siku tatu. Waya mpya hujinyoosha na ganda lake hujikalisha siku za mwanzo. Aliporudi plei ilikuwa imefika milimita 22. Mizunguko michache ya ajasta ya juu ikairudisha kwenye 15.